Skrinishoti ya BOQ: jumla inayodanganya na tofali zisizokuwepo

Siku hizi fundi hakuletei karatasi. Anakutumia kwa WhatsApp picha ya BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake, unaikuza kwa vidole viwili, unaona jumla chini, unaanza kuhesabu hela. Anza kwa kutilia shaka hiyo jumla. Nachukua mfano wa ukuta na lipu wa nyumba ndogo, mita 10 kwa 6, inayojengwa pembeni mwa Moshi. Bei ni za mfano tu, kwa hiyo weka za dukani kwako.

```
Kazi/kifaa              Idadi    Bei       Kiasi
Tofali inchi 6          1,188    1,400     1,663,200
Saruji ya kujengea      12       17,000    240,000
Saruji ya lipu          25       17,000    425,000
Mchanga (tripu)         2        130,000   260,000
Ufundi                  1        1,200,000 1,200,000
Usafiri wa tofali       1        150,000   150,000
JUMLA                                      3,788,200
```

Wengi hukimbilia kujumlisha safu ya mwisho. Usianze hapo. Anza na kila mstari: idadi mara bei. Mstari wa pili unakwama mapema, kwa sababu 12 mara 17,000 ni 204,000, si 240,000. Tofauti ni 36,000, na 36,000 inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili zinapopishana nafasi, au sifuri moja inapoongezwa au kudondoka, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi mwizi, jua kwamba huenda ni kidole tu. Ila kosa hilo linafichua jambo kubwa zaidi: kiasi kiliandikwa kwa mkono, hakikukokotolewa na Excel. Basi hakuna mstari hata mmoja wa kuuamini bila kuupima.

Sasa jumlisha viasi kama vilivyoandikwa. Unapata 3,938,200, wakati picha inasema 3,788,200. Pengo ni 150,000, sawasawa na usafiri wa tofali. Pengo likilingana na mstari mmoja, mstari huo haukuingizwa kwenye jumla. Mara nyingi ni mstari wa mwisho, ulioongezwa baada ya fomula kuandikwa:

```
=SUM(D2:D6)
```

Ilipaswa kuishia D7. Kwenye picha fomula huioni, unaona matokeo yake tu, ndiyo maana ni vizuri kuomba faili lenyewe. Ukirekebisha yote mawili, jumla sahihi ni 3,902,200. Ona kwamba kosa moja limepandisha na jingine limeshusha, na tofauti inayobaki ni 114,000. Namba hiyo hailingani na mstari wowote wala haigawanyiki kwa 9. Ungelinganisha jumla ya picha na jumla sahihi tu, ungezunguka bila kupata kitu.

Picha iliyobanwa nayo huchanganya 3 na 8, au 1 na 7. Ukitilia shaka idadi, rudi kinyumenyume: gawa kiasi kwa bei. 1,663,200 gawa kwa 1,400 ni 1,188, kwa hiyo tumeisoma vizuri. Hesabu ya mstari ni safi. Lakini idadi yenyewe je?

Hapa ndipo hela nyingi hujificha, maana hakuna kujumlisha kutakakokuonyesha. Rudi kwenye ramani. Mzunguko wa nje ni mita 32, lakini pima katikati ya ukuta, usije ukahesabu kona mara mbili: toa mita 0.15 kwa kila kona, inabaki 31.4. Kuta za ndani ni mita 12.6. Jumla mita 44, kimo 2.7, eneo ni mita za mraba 118.8. Zidisha kwa 10, unapata 1,188. Basi siri imefichuka: aliyeandika alichukua ukuta mzima, akaweka tofali 10 kwa kila mita ya mraba, akasahau kwamba nyumba ina milango na madirisha.

Milango 5 ya 0.9 kwa 2.1 na madirisha 6 ya 1.5 kwa 1.2 vinakula mita za mraba 20.25. Linta ya zege yenye kimo cha sentimita 20, inayopita juu ya kuta zote, inakula 8.8. Ukuta wa tofali unaobaki ni kama 90. Tofali la milimita 450 kwa 230 kwa 150, ukiongeza kiungio cha 15, linaingia karibu 9 kwa mita ya mraba. Hiyo ni 810, na ukiongeza asilimia 5 ya kuvunjika unafika 850. Yaani tofali 338 zimezidi, shilingi 473,200.

Lakini nenda na futi kamba kwa mfyatuaji kwanza. Jina "inchi 6" linataja unene tu. Ukikuta tofali la 400 kwa 200, mita moja ya mraba inameza zaidi ya 11, na 850 hazitakutosha hata kidogo.

Idadi ya mifuko ya saruji ni upande ambao BOQ hii imekaa vizuri. Kwa makadirio, mota ya viungio ni mita za ujazo 0.014 kwa kila mita ya mraba, ila mafundi hunenepesha viungio na mota nyingine huanguka chini, kwa hiyo mimi hutumia 0.02. Kwa mita 90 inakuwa 1.8. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5, mita moja ya ujazo inakula mifuko 6.2 ya kilo 50, hivyo mifuko 12. Lipu ya milimita 15 pande zote mbili, linta ikiwemo, ni eneo la 197. Ukiweka na upotevu ni kama mita za ujazo 3.4, na kwa 1 kwa 4 unahitaji mifuko 25 hivi. Ndiyo, lipu inakula saruji mara mbili ya kujenga. Ukiona BOQ yenye saruji ya lipu chache kuliko ya kujengea, simama hapo.

Mchanga unaohitajika ni karibu mita 2 kwa kujenga na 3.5 kwa lipu, jumla 5.5. "Tripu" si kipimo. Pima bodi la gari. Kwa mfano Kanta yenye bodi la mita 3.2 kwa 1.8 kwa 0.5 inabeba 2.88, tripu mbili ni 5.76. Inaonekana inatosha. Shida ni kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo nzima, na msimu wa masika huku kwetu ni nadra upate mkavu. Tripu mbili za mchanga wa hivyo ni sawa na mita 4.6 tu. Weka tripu ya tatu.

BOQ iliyonyooka sasa inasoma 3,902,200, toa 473,200 za tofali, ongeza 130,000 za mchanga: 3,559,000. Ujumbe wa kumrudishia ni mfupi: "Shikamoo fundi. Naomba faili la Excel, siyo picha. Mstari wa pili uangalie tena, usafiri haumo kwenye jumla, na tofali naomba utoe milango, madirisha na linta. Mchanga tuandike kwa mita za ujazo."