Salamu hukuonyesha mwendo wa mtu

Washauri nasaha ninaowafundisha huniuliza mara kwa mara jinsi ya kwenda na mwendo wa mteja bila yeye kuhisi kwamba anaigizwa. Jibu langu huanzia kwenye salamu. Salamu zetu ni ndefu, na kabla mtu hajafika kwenye shida yake huwa amekwisha kunionyesha anaongea kwa kasi gani, anapaza sauti kiasi gani, na anakaa kimya muda gani kabla ya kujibu. Kijana anayeitikia "salama" kabla sijamaliza kuuliza habari za nyumbani, na mama anayevuta pumzi kwanza ndipo aseme "tunamshukuru Mungu", wamenipa vipimo viwili tofauti kabisa.

Mimi hufuata kasi, sauti na kimya, basi. Mikono yake, namna anavyokaa na lafudhi yake ninamwachia mwenyewe. Ni kweli kwamba katika majaribio ya wanasaikolojia Chartrand na Bargh yaliyochapishwa mwaka 1999, watu ambao mikao na ishara zao ziliigwa na mwenzao walimpenda zaidi kidogo, na karibu wote hawakugundua. Lakini mwigaji yule alikuwa amefunzwa, na kikao kilikuwa kifupi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mteja mmoja kutoka Pemba alinisikia nikianza kuvuta maneno kama yeye. Alinyamaza, akanitazama, kisha akaniuliza kwa upole kama na mimi ni mtu wa kwao. Nilipokiri kwamba sivyo, majibu yake yakawa mafupi hadi mwisho wa kikao. Lafudhi ni ya mtu na watu wake, na mgeni akiichukua huonekana anadhihaki hata kama nia yake ni njema. Kasi haina mwenyewe, ndiyo maana ukiifuata hakuna anayeona kwamba amechukuliwa kitu.

Katika hayo matatu, kimya ndicho kinachosahaulika zaidi. Nichukue mfano wa mama mmoja aliyefiwa na mumewe, ambaye mambo yake kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike. Nilimwamkia "shikamoo, mama", na "marahaba, mwanangu" yake ikaja baada ya kitambo. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Kila nilipouliza jambo, hesabu ilikuwa ileile. Basi na mimi, alipomaliza sentensi, nilihesabu hadi tatu kabla ya kusema neno, nikashusha sauti karibu na yake, na nikauliza jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mara ya nne nilipongoja hivyo, hakuningoja niulize. Aliendelea mwenyewe: "Nguo zake bado ziko kabatini. Sijazigusa." Kama ningejaza ile nafasi kwa swali lingine, sentensi hiyo isingetoka siku ile.

Hata hivyo sikushuka hadi alipokuwa yeye. Sauti yake ilikuwa imezama kabisa, na kama yangu nayo ingezama tungebaki wawili ndani ya shimo moja, kwa hiyo nilikaa juu yake kidogo. Kwa mtu aliyepandisha sauti, hukaa chini yake kidogo. Baba aliyeingia akifoka, "Nimekaa hapo nje tangu saa mbili!", ukimjibu kwa sauti laini na ya polepole huona unamtuliza kama mtoto, naye huongeza kufoka. Mimi humjibu kwa sentensi fupi zenye nguvu karibu sawa na zake, bila ile hasira: "Tangu saa mbili! Ni muda mrefu mno, mzee wangu. Karibu, tuanze sasa hivi." Baada ya hapo ndipo ninapopunguza kasi, sentensi moja baada ya nyingine. Yeye naye akipunguza, najua tunakwenda pamoja. Asipopunguza, najua nimeharakisha, nami hurudi pale alipo.

Yupo mtu ambaye simfuati, naye ni yule aliyeshikwa na hofu hadi anahema. Pumzi za haraka zikikutana na pumzi za haraka humzidishia hofu, kwa hiyo hapo hutulia mimi kwanza, hata kama mwanzoni tutaonekana tuko mbalimbali.

Yule mama alikuja mara nyingine tano. Katika kikao cha tatu nilihesabu tena baada ya kumuuliza habari za watoto, nikafika moja tu, naye akawa amekwisha kujibu. Siku hiyo na mimi niliacha kungoja hadi tatu, na ndiyo siku tuliyozungumza nani katika ndugu angepewa koti la marehemu.