Insulini ya mtoto huanzia kwenye mizani

Mama mmoja aliniuliza kliniki, "Daktari, mtoto wa jirani anachoma yuniti 30, wangu mnampa 12. Mbona?" Nilimwonyesha mizani iliyokuwa pembeni yetu. Wa jirani ni kijana wa kilo 40 na sauti imeanza kukatika. Wake ana miaka 8 na kilo 24.

Insulini ya mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza huanza kukadiriwa kwa kilo, na hesabu yake hufanyika hospitali, si nyumbani. Mtoto ambaye hajabalehe, na ambaye amegunduliwa kabla damu yake haijajaa tindikali ya ketoni, kwa kawaida tunamwanzishia nusu yuniti kwa kila kilo kwa siku nzima. Akiwa aliletwa na ketoni nyingi, akatibiwa kwanza kwa dripu wodini, huanza juu kidogo, karibu na robo tatu ya yuniti kwa kilo. Aliyebalehe huhitaji yuniti 1 kwa kilo, pengine zaidi, kwa kuwa homoni za balehe huipinga insulini. Walio chini ya miaka 2 huanza chini ya nusu yuniti kwa kilo, maana sukari yao hushuka haraka.

Kwa mtoto wa kilo 24, nusu yuniti kwa kilo ni yuniti 12 kwa siku. Kliniki nyingi za umma hutumia sindano mbili kwa siku zenye insulini mbili: ile angavu kama maji, inayofanya kazi mapema, na ile nyeupe kama maziwa, yaani NPH, inayokwenda polepole. Theluthi mbili za siku hupewa asubuhi, nazo ni yuniti 8. Theluthi inayobaki, yuniti 4, hupewa jioni. Katika kila sindano, nyeupe huchukua takriban theluthi mbili. Kwa hiyo asubuhi mtoto huyu anapata nyeupe 5 na angavu 3, na jioni nyeupe 3 na angavu 1. Huchomwa nusu saa kabla ya kula. Nyeupe hubiringishwa viganjani taratibu kabla ya kuvutwa, na angavu ndiyo huvutwa kwanza.

Angalieni sana bomba la sindano. Kwenye mabomba mengi ya yuniti 100, mstari mmoja mdogo ni yuniti 2. Mzazi aliyezoea bomba la yuniti 30 au 50, ambako mstari mmoja ni yuniti 1, akipewa hilo kubwa anaweza kuvuta mistari 3 akidhani ni yuniti 3, kumbe ni 6. Mtoto mdogo apewe bomba dogo, na kila mkibadilishiwa bomba hesabuni mistari upya mbele ya muuguzi kabla hamjaondoka.

Dozi hiyo ya kuanzia haikai hivyo. Ndani ya wiki au miezi michache, kongosho la watoto wengi huzinduka kidogo na mahitaji hupungua. Sukari huanza kushuka kwa dozi ileile, na hapo ndipo wazazi wengine huamini mtoto amepona. Tunapunguza dozi, hatuiachi. Kipindi hicho kikiisha, dozi hupanda tena.

Sasa sukari iliyopanda. Niliwahi kumpokea mtoto mwenye degedege alfajiri. Mama yake alipima saa 2 usiku akakuta 19 mmol/L, akachoma yuniti 2 za angavu. Saa 3 na nusu akakuta 17, akaongeza 2. Saa 5 akakuta 15, akaongeza 2 nyingine. Saa 9 usiku mtoto alikuwa na 1.6. Ukisoma namba zile vizuri, sukari ilikuwa inashuka tangu mwanzo. Sindano ya kwanza ilikuwa inafanya kazi, ila mama alitegemea iteremke kwa saa moja. Insulini angavu huanza baada ya nusu saa hivi, hupamba moto kati ya saa ya 2 na ya 4, na mabaki yake huendelea hadi saa 6 au zaidi. Sindano tatu zile zilikutana ndani ya mwili mtoto akiwa amelala.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuongeza, mnawisheni mtoto mikono kwa maji, mkaushe, mpime tena. Kidole kilichoshika embe huweza kutoa 20 wakati damu ina 9. Angalieni pia kama sindano iliyopita ilichomwa kweli, na kama kichupa hakijakaa juani au nyeupe yake haijaganda vipande vipande.

Namba ikibaki juu, na daktari wenu ameshawaruhusu kurekebisha nyumbani, kiasi hutoka kwenye dozi ileile ya siku. Kwa insulini angavu, gawanya 83 kwa jumla ya yuniti za siku. Mtoto wetu: 83 gawanya kwa 12 ni karibu 7. Maana yake yuniti 1 ya ziada humshushia takriban 7 mmol/L. Mashine yenu ikisoma mg/dL, tumieni 1500 badala ya 83. Wanaotumia insulini ya kisasa ya haraka zaidi wana hesabu nyingine, waulize kliniki yao.

Tuseme kabla ya chakula cha jioni ana 18, na lengo letu ni 8. Ziada ni 10. Gawanya kwa 7, unapata 1.4. Hapa mimi hupunguza hadi 1, siiongezi hadi 2, kwa sababu sukari ya 11 usiku haimdhuru mtoto, ila ya 2 inaweza. Yuniti hiyo 1 inajumlishwa na angavu 1 yake ya kawaida, anachoma angavu 2 na nyeupe 3, anakula. Marekebisho mengine hayafanyiki mpaka zipite angalau saa 4, na ni salama zaidi kuyasubiri hadi mlo unaofuata. Wakati wa kulala akiwa na 14, asichomwe tena. Apewe maji, na mzazi aamke saa 8 usiku ampime, kwa sababu nyeupe ya jioni nayo inafikia kilele usiku. Akishuka chini ya 4, mpeni vijiko 2 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, msimwekee kitu kinywani, mlazeni ubavu na mkimbieni hospitali.

Sukari ikiwa juu asubuhi siku tatu mfululizo, tatizo ni dozi ya msingi. Leteni daftari kliniki tuibadilishe, kwa kawaida kwa sehemu moja ya kumi.

Hesabu hizi zote zinamhusu mtoto anayecheza na kula. Ana zaidi ya 14 na anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kina na haraka, pumzi inanukia matunda, au kipimo cha mkojo kinaonyesha ketoni nyingi? Au mashine imeandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, hata baada ya kunawa mikono? Huyo ni wa hospitali usiku huohuo, hata kama hajala kitu. Msiache insulini nyeupe kwa sababu amekataa chakula. Pigeni simu kliniki mpewe kiasi mkiwa njiani. Chukueni vichupa vyenu, bomba mnalotumia na daftari, ili wa zamu aone ni saa ngapi sindano ya mwisho ilichomwa na ilikuwa yuniti ngapi.