Mapigo ya Moyo Wakati wa Mazoezi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu «220 Kutoa Umri»

Dhana: Ukitoa umri wako kwenye 220 unapata kikomo halisi cha mapigo ya moyo wako.

Ukweli: Unapata wastani wa watu wa umri wako, na wastani huo ni wa kukadiria tu. Kanuni hii ilienea kuanzia mwaka 1971, pale Samuel Fox na wenzake walipokusanya matokeo ya tafiti kadhaa zilizokwisha kuchapishwa na kuona kwamba mstari wa 220 kutoa umri unakaribiana nayo. Haukuwa utafiti uliobuniwa ili kutafuta kanuni ya kumpimia mtu mmoja mmoja. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake, wakiwa na takwimu nyingi zaidi, walipendekeza kanuni nyingine, yaani 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Katika umri wa miaka 40 kanuni hizo mbili zinatoa jibu lilelile, 180, lakini kwa mtu wa miaka 70 ya kwanza inatoa 150 na ya pili 159, kwa hiyo ile ya zamani huwapunja wazee.

Hata hivyo, kuchagua kanuni bora hakumalizi tatizo, kwa sababu watu wa umri mmoja hutofautiana sana. Tofauti ya mapigo 10 hadi 12 juu au chini ya makadirio ni jambo la kawaida, na wachache hupishana nayo kwa mapigo 20.

Tuchukue watu wawili wenye umri wa miaka 50. Makadirio ya wote wawili ni 170, na Chama cha Moyo cha Marekani kinaweka mazoezi makali kati ya asilimia 70 na 85 ya kiwango hicho, yaani mapigo 119 hadi 145 kwa dakika. Tuseme kikomo halisi cha wa kwanza ni 150 na cha wa pili ni 190. Wa kwanza akifika 145 yuko karibu asilimia 97 ya uwezo wa moyo wake, anahema hawezi hata kumaliza sentensi, na bado karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye ukumbi wa mazoezi inamwambia yumo ndani ya kiwango. Wa pili akiwa na 119 yuko asilimia 63 tu, anapiga soga bila shida, huku karatasi ileile ikimhesabia kuwa ameanza mazoezi makali. Hapa pumzi inasema kweli kuliko hesabu: mazoezi ya wastani humwacha mtu aweze kuzungumza lakini si kuimba, na mazoezi makali humruhusu maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi tena.

Dhana: Kuvuka namba iliyokadiriwa ni kuuweka moyo hatarini.

Ukweli: Mtu wa miaka 50 mwenye afya njema anayeona 176 akipanda mlima hajavunja mpaka wowote, amegundua tu kwamba kikomo chake kiko juu ya 170. Kinachotakiwa kumsimamisha ni dalili, kama vile maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusikoendana na kazi anayoifanya, na dalili hizo zinahitaji daktari hata kama mapigo ni 110.

Hatari inayosahaulika zaidi iko kwa wanaotumia dawa za moyo au za shinikizo la damu zinazopunguza kasi ya mapigo, kwa mfano atenololi na bisoprololi. Dawa hizi hushusha kikomo chenyewe, kwa hiyo mgonjwa anayejisukuma afikie namba iliyokadiriwa kwa umri wake anaweza kujichosha kupita kiasi akifukuzia namba ambayo moyo wake hauwezi kuifikia. Huyu aongozwe na pumzi na uchovu, au kiwango alichopewa na daktari baada ya kupimwa akifanya mazoezi.

Dhana: Mazoezi mepesi, yenye mapigo ya chini, ndiyo yanayopunguza mafuta mwilini.

Ukweli: Katika mazoezi mepesi sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, ila nishati yote inayotumika ni kidogo. Tuseme mazoezi mepesi yanatumia kalori 150, asilimia 60 zikitoka kwenye mafuta: hizo ni 90. Mazoezi makali ya muda uleule yakitumia kalori 300, asilimia 40 tu zikitoka kwenye mafuta, hizo ni 120. Isitoshe, uzito hutegemea nishati inayoingia na kutoka kwa siku na wiki nzima.

Dhana: Ukipumzika kidogo ndipo unapima mapigo vizuri.

Ukweli: Mapigo hushuka upesi mara tu unapoacha mazoezi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, papo hapo; hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukihesabu dakika nzima utapata namba ya mtu ambaye tayari amekwisha kupumzika.