Waya mwembamba juu ya Barabara ya Jogoo: MSAA, FXAA au TAA?

MSAA, FXAA na TAA ni mbinu tatu za kulainisha kingo, yaani kuondoa ngazi-ngazi kwenye kingo za vitu vinavyochorwa na kompyuta. Ukitaka kujua mbinu kama hiyo inafanya kazi au la, usiangalie paa la nyumba. Angalia waya wa umeme. Kwenye mchezo wa video kuhusu matatu tunaoutengeneza hapa Nairobi, nyaya zimepita juu ya Barabara ya Jogoo zikiwa karibu mlalo, na kwa mbali waya mmoja unabaki na unene wa robo ya pikseli. Huo ndio mtihani wangu.

Bila ulainishaji wowote, kila pikseli hupimwa mahali pamoja tu, katikati. Waya wa robo pikseli hugusa kipimo hicho mara moja kati ya nne, kwa hiyo unaonekana umekatika vipande vipande, na kamera ikisogea vipande hivyo vinatambaa. FXAA haisaidii hapa. Hiyo husoma picha iliyokwisha chorwa, hutafuta tofauti kali za mwangaza, kisha huchanganya rangi za jirani. Ni nafuu sana, lakini sehemu ya waya ambayo haikuchorwa haiwezi kuirudisha, na maandishi ya ubavuni mwa matatu hupoteza makali yake.

MSAA ya 4x huweka sampuli nne, yaani vipimo vinne badala ya kimoja, ndani ya kila pikseli. Katika mpangilio wa kawaida zimepishana, kila moja ina kimo chake: 0.125, 0.375, 0.625 na 0.875. Pengo kati yao ni robo pikseli, kwa hiyo waya wetu hugusa sampuli moja katika kila pikseli unayopita. Unatokea mzima, kwa robo ya nguvu ya rangi yake, tena bila ukungu wowote. Sheda yenyewe, yaani programu ndogo inayokokotoa rangi, huendeshwa mara moja tu kwa kila pembetatu katika pikseli. Kinachozidishwa mara nne ni rangi na kina, yaani umbali kutoka kwenye kamera, vinavyohifadhiwa. Kwenye skrini ya 1920×1080, baiti 8 kwa pikseli ni takriban MB 16.6, na kwa 4x inakuwa takriban MB 66.

Kwenye simu gharama hiyo inaweza kukwepwa, na ndiyo maana naipenda MSAA kwa soko letu. Vichakata michoro vya simu kama Mali na Adreno huchora picha kigae kwa kigae ndani ya kumbukumbu ya chipu. Sampuli nne zikiunganishwa humo humo, kinachotoka kwenda kwenye kumbukumbu kuu ni picha ya kawaida. Ukiamuru kichakata michoro kupitia Vulkan, hakikisha picha ya sampuli nyingi ina `VK_ATTACHMENT_STORE_OP_DONT_CARE`, yaani isihifadhiwe. Ukisahau, MB zote 66 zinaandikwa nje kila fremu, na simu inapata moto.

Kwenye kompyuta hali hubadilika. Tunachora kwanza data za nyuso kwenye picha kadhaa, halafu tunapiga hesabu ya mwanga baadaye, na kuzidisha picha zote hizo mara nne ni mzigo mzito. Isitoshe, MSAA haigusi kumetameta kwa bati lililolowa mvua, kwa sababu tatizo hilo liko ndani ya sheda, haliko kwenye ukingo. Hapo ndipo TAA inapoingia: husogeza kamera kidogo chini ya pikseli moja kila fremu, kisha huchanganya fremu mpya, `c`, na historia, `h`, yaani picha iliyokusanywa kutoka fremu zilizopita.

```glsl
h = clamp(h, boxMin, boxMax);
c = mix(h, c, 0.1);
```

Mstari wa kwanza hubana historia ndani ya rangi za pikseli 3×3 za fremu ya sasa, ili gari lisiache mkia nyuma yake. Na hapo hapo ndipo waya unapofia. Katika fremu tatu kati ya nne, hakuna kipimo kilichougusa. Zile pikseli tisa zote ni anga, basi historia ya waya inalazimishwa kuwa anga. Waya unapepesa hata kamera ikiwa imetulia tuli.

Ukungu una chanzo kingine. Kamera ikisogea nusu pikseli kila fremu, historia husomwa katikati ya pikseli mbili. Mstari wenye mwangaza wa 1 unakuwa 0.5 na 0.5, fremu inayofuata ni 0.25, 0.5, 0.25, kisha 0.125, 0.375, 0.375, 0.125. Kusoma historia kwa kichujio cha Catmull-Rom badala ya wastani wa kawaida hupunguza sana jambo hili, kwa gharama ya usomaji kadhaa zaidi.

Kwa hiyo jaribio ni rahisi. Simamisha kamera: waya ukipepesa, kagua ubanaji. Isogeze polepole: picha ikififia wakati wa mwendo tu, kagua usomaji wa historia. Kwa nyaya zenyewe nimechukua mbinu ya mtaalamu wa michoro ya kompyuta Emil Persson: waya hauruhusiwi kuwa mwembamba kuliko pikseli moja, na unene ulioongezwa hulipwa kwa kuufanya upenye mwanga. Waya wa robo pikseli unachorwa kwa pikseli nzima, kwa uzito wa 0.25. TAA sasa huukuta kila fremu. Majani ya mijakaranda hayana dawa hiyo, kwa kuwa hayana unene unaojulikana mapema; hayo bado nayaachia historia, pamoja na ukungu wake.