Unga na vumbi la mbao vinalipuka, na mlipuko wa pili ndo unaoua

Watu wakisikia kiwanda kimelipuka wanawaza gesi au petroli, ukiwaambia ni unga wa mahindi wanadhani unatania. Na kweli unga ukiwa ndani ya gunia haulipuki, hata ukiuwashia kiberiti utaungua juu juu tu na kutoa moshi. Balaa inaanza unga uleule ukipeperuka, sababu hapo kila chembe imezungukwa na hewa yake, zinaungua zote kwa mpigo, hewa inapanuka ghafla na kama ni chumba kilichofungwa hiyo presha inatafuta pa kutokea, inabomoa ukuta. Vumbi la mbao kavu ni hivohivo.

Sasa wenye mashine huwa wananijibu, "kwetu vumbi halifiki huko". Kwa hewa wanayovuta wako sahihi. Wingu la unga linahitaji kama gramu 50 au 60 kwa kila mita moja ya ujazo ndo liweze kulipuka, na hilo ni wingu zito mno, balbu iliyo mita 2 mbele yako huioni vizuri, hakuna mtu anaweza kufanya kazi humo. Ila mimi siangalii hewa, naangalia juu ya boriti, juu ya mabomba, juu ya kaveri za mota, nyuma ya paneli ya umeme.

Tupige hesabu kidogo. Chukua chumba cha mita 10 kwa 10, kwenda juu mita 5, ujazo wake ni mita 500. Weka unga wa unene wa milimita 1 tu sakafu nzima. Unga uliotulia una kama kilo 500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo chini una kilo 50. Sasa kitu kiurushe wote juu, unapata gramu 100 kwa kila mita ya ujazo, karibu mara mbili ya kinachohitajika! Milimita 1, yaani kitu ambacho fundi anakipita kila siku anasema leo pako safi.

Na hicho kitu cha kuurusha ndo mlipuko wa kwanza. Huu mara nyingi ni mdogo, unatokea ndani ya mashine, kwenye elevata ya ndoo inayopandisha nafaka au kwenye filta ya kukusanya vumbi, ila upepo wake unatangulia mbele ya moto, unakung'uta vumbi la miaka kutoka kwenye boriti, halafu moto unafika unakuta wingu limeshaandaliwa, na huo ndo mlipuko wa pili.

Kesi ninayoitumia sana ni ya kiwanda cha mahindi cha Didion, mji wa Cambria, jimbo la Wisconsin kule Marekani. Usiku wa tarehe 31 Mei 2017, kwenye saa 5, wafanyakazi walisikia harufu ya moshi, wakaanza kuzunguka kwenye mashine kutafuta inatokea wapi. Wakiwa wamefika kwenye mashine moja ya kusaga, filta yake ya kuingizia hewa ikafyatuka na ulimi wa moto ukatoka hapohapo. Moto ukasafiri kwa mabomba kwenda mashine nyingine, milipuko ikafuatana, vumbi lililokuwa limelala kwenye majengo likanyanyuka na kulipuka nalo, majengo yakaanguka. Usiku ule walikuwepo kazini watu 19. Watano walikufa, 14 waliobaki wote walijeruhiwa.

Kinachoniuma kwenye hii kesi ni daftari la usafi. Kulikuwa na ratiba ya kufagia vumbi na watu walikuwa wanasaini, ila mwaka 2023 kampuni ilikiri mahakamani kwamba kumbukumbu hizo zilijazwa uongo. Ndo maana nikifika kwenye kiwanda daftari naliangalia mwisho, kwanza naomba ngazi.

Tukija kwenye usafi wenyewe, kosa kubwa ni hose ya kompresa. Jioni kijana anapuliza boriti zote na mashine bado zinazunguka, pale anatengeneza kwa mkono wake lile wingu tunalolikimbia. Fagia kwa brashi laini taratibu au tumia vakyumu iliyotengenezwa kwa vumbi linalolipuka (ya kawaida ya dukani mota yake inatoa cheche, na vumbi linapita humohumo), anza juu shuka chini, na kama ni lazima upulize basi iwe sehemu ndogo, presha ndogo, mashine zote zimezimwa na hakuna chenye moto karibu. Kipimo changu cha haraka ni rangi, kama huoni tena rangi ya bomba kwa vumbi, safisha leo, usingoje Jumamosi. Halafu tafuta linapotokea, maana spout iliyochanika au mfuko wa saikloni uliotoboka utajaza boriti tena kabla wiki haijaisha.

Upande wa moto, wengi wanawaza sigara tu. Mimi naanzia kwenye beringi. Beringi ikikosa grisi inachemka, vumbi lililoikalia linaanza kuungua polepole bila ulimi wa moto, linaweza kukaa hivo masaa, baadae linadondoka kama kaa ndani ya mashine. Mkanda wa elevata ukihama upande unasugua bodi, ukiteleza kwenye puli unachemka vilevile. Msumari ukiingia na mahindi kwenye nyundo za kinu unatoa cheche, kwa hiyo sumaku iwekwe kabla ya kinu na isafishwe, sumaku iliyojaa vyuma haishiki kitu. Na welda! Kabla hajawasha, mashine zizimwe, vumbi liondolewe mita 11 kuzunguka, mabomba yaliyo wazi yazibwe, akimaliza abaki mtu wa kuangalia saa nzima.

Kwenye mbao, Canada walijifunza kwa uchungu mwaka 2012. Tarehe 20 Januari kiwanda cha Babine huko Burns Lake kililipuka, wawili wakafa na 20 wakajeruhiwa, na tarehe 23 Aprili kikafuata cha Lakeland huko Prince George, wawili tena. Vyote vilikuwa vinapasua misonobari iliyouawa na mbawakawa, miti iliyokaukia msituni, vumbi lake laini na kavu kuliko la mti mbichi. Na Babine ilikuwa baridi kali, jengo limefungwa.

Kwa hiyo kibanda cha kupasua magogo mabichi Mafinga, kisicho na kuta, hatari yake ya mlipuko ni ndogo, siwatishi, pale hofu kubwa ni moto wa kawaida. Ila ukijenga chumba cha randa na msasa, mbao zimeshakaushwa, umefunga madirisha na feni inapeleka vumbi kwenye stoo, hapo tayari umeingia kundi la Babine.

Sasa ukisikia harufu ya kuungua kwenye kinu, usiende kufungua mfuniko kuchungulia, ukifungua unaliingizia hewa vumbi linaloungua na unalitikisa. Zima kwa swichi ya mbali kama ipo, toa watu wote nje, piga 114 kwa Tanzania, na waambie zimamoto ni vumbi, ili maji yaje kama mvua nyepesi. Mpira wenye presha ukielekezwa kwenye rundo la vumbi, au hata kizimamoto cha poda kikipigwa kwa karibu, vinalirusha hewani na kaa lipo hapohapo katikati.