Slabu Bapa: Jinsi Momenti ya Paneli Inavyogawanywa kati ya Ukanda wa Nguzo na Ukanda wa Kati

Katika majengo ya ghorofa yanayoendelea kujengwa jijini Mwanza, hasa yale yenye maduka chini na ofisi juu, slabu bapa, yaani slabu inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti, inazidi kupendwa kwa sababu dari lake ni tambarare na mbao za kumwagia zege hupangwa kwa haraka. Katika kukagua michoro ya majengo ya aina hiyo, kosa ninalokutana nalo mara nyingi haliko kwenye unene wa slabu wala kwenye daraja la zege. Liko kwenye mahali nondo za juu zilipowekwa: jumla yake inatosha, lakini zimetandazwa sawasawa kana kwamba slabu yote inapinda kwa kiasi kimoja.

Tuchukue paneli ya ndani ya jengo lenye nguzo zilizopangwa kwa umbali wa mita 7 upande mmoja na mita 6 upande mwingine. Nguzo ni za mraba wa milimita 400 na slabu ina unene wa milimita 250. Uzito wa slabu yenyewe ni 6 kN kwa mita ya mraba, umaliziaji na kuta nyepesi tuviweke 2, na mzigo wa watu na samani 3. Kwa vizidishi vya kiwango cha Uingereza BS 8110, ambacho wahandisi wengi nchini wamekizoea, mzigo wa usanifu ni 1.4 × 8 + 1.6 × 3, yaani 16 kN kwa mita ya mraba.

Njia ya fremu sawia hulikata jengo wima katikati ya paneli, kushoto na kulia kwa mstari wa nguzo, ili kila mstari ubaki na kipande chake cha slabu. Kipande hicho huchukuliwa kama boriti pana, hapa yenye upana wa mita 6, iliyoungana na nguzo za juu na za chini yake. Boriti hiyo hubeba mzigo wote ulio juu yake: 16 × 6 = 96 kN kwa kila mita ya urefu.

Neno “wote” ndilo linalowapotosha wengi. Mtu aliyezoea slabu inayoshikwa na boriti pande zote nne hujua kwamba mzigo hugawanywa, sehemu ikienda upande mmoja na sehemu upande wa pili, kisha boriti ndizo zinazomalizia kazi ya kuufikisha kwenye nguzo. Kwenye slabu bapa boriti hizo hazipo, na kwa hiyo slabu yenyewe lazima ifanye kazi ya slabu na kazi ya boriti kwa pamoja. Ndiyo maana mzigo kamili huhesabiwa kwa upande wa mita 7, kisha mzigo ule ule kamili huhesabiwa tena kwa upande wa mita 6. John R. Nichols alilionyesha jambo hili mwaka 1914 kwa kanuni za mlingano wa nguvu peke yake, na hakuna namna ya kulikwepa.

Kwa paneli yetu ya ndani, ikiwa nafasi zote kati ya nguzo na nguzo zinalingana na zote zimebeba mzigo, momenti, yaani athari ya mzigo inayoipinda slabu, kwenye mhimili wa nguzo ni 96 × 7² ÷ 12, yaani 392 kNm, na katikati ya nafasi ni nusu yake, 196 kNm. Momenti hushuka haraka tunapotoka kwenye mhimili, hivyo usoni mwa nguzo, milimita 200 tu kutoka hapo, inabaki 327 kNm. Hesabu hii ina kipimo chake cha uhakika: momenti ya usoni ikijumlishwa na ya katikati lazima ilingane na 96 × 6.6² ÷ 8, kwa kuwa mita 6.6 ndiyo nafasi tupu kati ya nguzo na nguzo. Zote mbili zinatoa 523 kNm. Mchoro ambao jumla yake iko chini ya hapo una mzigo uliopotea mahali fulani.

Sasa tunagawa. Ukanda wa nguzo una upana wa nusu ya upande mfupi wa paneli, hapa mita 3, ukiwa na mita 1.5 kila upande wa mstari wa nguzo. Mita 3 zinazobaki ni ukanda wa kati. BS 8110 inaupa ukanda wa nguzo asilimia 75 ya momenti hasi, ile inayovuta uso wa juu wa slabu, na asilimia 55 ya momenti chanya, ile inayovuta uso wa chini. Eurocode 2 inaacha uhuru zaidi: asilimia 60 hadi 80 kwa momenti hasi na 50 hadi 70 kwa chanya. Tofauti hiyo ya juu na chini ina sababu. Karibu na nguzo slabu haina mahali pengine pa kushikiliwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mkunjo hujikusanya pale, lakini katikati ya nafasi slabu hubonyea karibu kwa pamoja na kanda zote mbili hushirikiana.

Asilimia 75 ya 327 ni 245 kNm, ambayo ikitandazwa kwenye mita 3 inakuwa 82 kNm kwa kila mita. Ukanda wa kati unabaki na 27 tu. Aliyetandaza sawasawa kwenye mita zote 6 alisanifu kwa 54.5, yaani theluthi mbili tu ya kinachohitajika kwenye mstari wa nguzo, huku akiupa ukanda wa kati mara mbili ya mahitaji yake. Kwa momenti chanya pengo ni dogo, 36 kwa 29, na kosa pale halina uzito kama la juu.

Kwa zege la daraja 25, nondo za nguvu 500 na kina cha milimita 215 kutoka chini ya slabu hadi kati ya nondo za juu, 245 kNm zinahitaji nondo 15 za milimita 16. Hata hizo hazitawanywi sawasawa ndani ya ukanda wa nguzo. BS 8110 inataka theluthi mbili yake ziwekwe kwenye nusu ya upana wa ukanda, juu ya nguzo yenyewe: nondo 10 ndani ya mita 1.5, moja kila milimita 150. Zinazobaki ni 5, lakini mimi ningeweka 6, tatu kila upande, ili fundi wa nondo asilazimike kukisia upande upi upungue.

Slabu iliyokosa mgawanyo huu haianguki kwa sababu hiyo peke yake. Hupasuka kwanza juu, kwa nyufa zinazoanzia kwenye kona za nguzo na kutawanyika kama miale, kisha hulala zaidi ya ilivyokadiriwa. Nyufa hizo mara nyingi hufichwa na marumaru, na zinapopanuka hupunguza uwezo wa slabu kuzuia nguzo isiitoboe, na huko kutoboa hutokea ghafla. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya zege kumwagwa: simama juu ya nguzo, pima milimita 750 kila upande, hesabu nondo za juu. Zikiwa 5 badala ya 10, zimetandazwa sawasawa. Hakikisha pia zimeinuliwa kwa vipande vya nondo vilivyokunjwa mfano wa kiti, maana zikikanyagwa na kushuka milimita 40, kina cha 215 kinabaki 175 na karibu sehemu moja ya tano ya uwezo imeondoka.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Milima ya Mwanza imejaa miamba ya itale, na si ajabu nguzo kusogezwa kiwanjani ili kukwepa jiwe wakati wa kuchimba msingi. Ikisogea kufuata urefu wa fremu kwa milimita 900, nafasi tupu upande mmoja inatoka mita 6.6 hadi 7.5, na momenti ya jumla inapanda kutoka 523 hadi 675 kNm, ongezeko la asilimia 29, kwa sababu urefu unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili. Fremu hiyo ihesabiwe upya. Ikisogea kwa kukata mstari, nguzo haziko tena kwenye safu moja, fremu haiwezi kukatwa kwa mstari ulionyooka, na asilimia 75 na 25 hazina tena msingi wa kusimamia. Hapo slabu nzima ichambuliwe kwa kompyuta kama ilivyo, na nondo za juu zifuate nguzo mahali ilipohamia, si mahali ilipochorwa.