Jina si ufunguo, simu si nambari: dhana potofu kuhusu jedwali la wanafunzi

Muhula wa kwanza niliitwa katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kisumu. Karani alikuwa ametuma ujumbe mfupi wa kukumbusha wazazi karo, zaidi ya mia tatu kwa mkupuo, na haukumfikia hata mzazi mmoja. Nilipofungua jedwali la wanafunzi katika hifadhidata yao ya MySQL, safu ya simu ya mlezi ilikuwa na nambari ileile kuanzia rekodi ya kwanza hadi ya mwisho: 2147483647.

Aliyeunda jedwali lile hakuwa mzembe. Aliamini mambo kadhaa ambayo nimewasikia watu wengi wakiyaamini, na kila moja lilikuwa limeacha alama yake mle ndani. Nitayapitia kwa namna tulivyoyarekebisha siku ile.

Dhana: Simu ni nambari, kwa hiyo aina yake ni INT

Aina ya `INT` katika MySQL hutumia baiti 4, na kiwango chake cha juu kabisa ni 2147483647. Nambari ya simu ya Kenya ikiandikwa pamoja na 254 ina tarakimu 12, kwa mfano 254700000000, ambayo inapita kiwango hicho mbali sana. Kwa kawaida MySQL za sasa hukataa thamani kama hiyo na kutoa kosa. Lakini kwenye seva ile, ukali huo ulikuwa umezimwa. Hali hiyo ikiwapo, MySQL haikatai. Huikata thamani hadi kiwango cha juu inachoweza kubeba, hutoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha huendelea na kazi. Orodha ya Excel iliingia bila kelele, na simu za wazazi wote zikageuka kuwa nambari moja isiyo ya mtu.

Wengine wakishaumwa na jambo hili hukimbilia `BIGINT`. Nambari itatoshea, ni kweli, lakini ugonjwa haujapona. Mzazi akiandika 0700000000, safu ya nambari itahifadhi 700000000, kwa sababu sifuri ya mwanzo haina maana katika hesabu. Alama ya + nayo haina pa kukaa.

Ukweli ni kwamba aina ya safu huchaguliwa kwa kuangalia kazi utakayoifanya na kile kilichomo, wala si kwa kuangalia kwamba kimeandikwa kwa tarakimu. Jiulize: je, nitawahi kujumlisha simu mbili, au kutafuta wastani wake? Kama sivyo, hayo ni maandishi. Tukaweka `VARCHAR(16)`, kwa kuwa nambari ya simu ya kimataifa haizidi tarakimu 15, ukiongeza + mbele zinakuwa herufi 16. Kanuni hiyohiyo inaihusu nambari ya usajili wa mwanafunzi: 0087 ikigeuzwa kuwa 87 hailingani tena na ile iliyo kwenye daftari la shule.

Ukitaka kujua kama jedwali lako limeshaumwa, uliza hivi:

```sql
SELECT simu_mlezi, COUNT(*) AS idadi
FROM wanafunzi
GROUP BY simu_mlezi
HAVING COUNT(*) > 3;
```

Mlezi mmoja kuwa na watoto wawili au watatu shuleni ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu safu hii haifai kuwekewa sharti la `UNIQUE`, linalokataza thamani kujirudia. Ukiona simu moja ina wanafunzi mia tatu, basi data ya awali imeshapotea na hakuna amri ya SQL itakayoirudisha. Sisi tulirudi kwenye ile faili ya Excel. Bahati njema karani alikuwa bado anayo.

Dhana: Jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kumtambulisha mwanafunzi

Huku kwetu dhana hii huanguka mapema. Waluo wengi humpa mtoto jina kulingana na wakati aliozaliwa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng wa mchana, Atieno wa usiku. Miongoni mwa Waluhya, Wafula ni mtoto wa majira ya mvua na Wekesa wa mavuno. Majina haya yana maana nzuri, lakini hayakuundwa ili yasijirudie. Weka mbele yake Brian au Mercy, na katika shule ya wanafunzi mia nane utapata Brian Otieno watatu. Kuongeza tarehe ya kuzaliwa hupunguza uwezekano wa kugongana, lakini hakuuondoi.

Zaidi ya hapo, jina hubadilika. Cheti cha kuzaliwa kinakuja na tahajia tofauti na iliyozoeleka shuleni, au mtoto anaanza kutumia jina la mlezi mpya. Ufunguo msingi, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, una masharti mawili, kwamba usijirudie na usiwe mtupu. La tatu haliandikwi katika SQL lakini ndilo linalotesa watu: usibadilike. Jina linavunja la kwanza na la tatu.

Dhana: Nambari ya usajili ndiyo ufunguo msingi wa asili

Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu zaidi, kwa sababu hoja yao ina nguvu. Nambari ya usajili imetungwa na shule yenyewe ili kila mwanafunzi awe na yake. Mbona usiitumie?

Katika shule ile ilikuwa imetumika. Jedwali la malipo na jedwali la alama yote mawili yalimrejelea mwanafunzi kwa nambari hiyo. Kisha ikatokea kwamba msichana wa kidato cha pili aliyepaswa kuwa 4312 aliandikwa 4321. Kosa halikugunduliwa hadi mwenye 4321 halisi alipoletwa kusajiliwa na mfumo ukamkataa. Kufikia hapo yule wa kwanza alikuwa na stakabadhi tano za karo na alama za mihula miwili chini ya 4321. Karani alipojaribu kurekebisha nambari kwenye jedwali la wanafunzi, hifadhidata ilikataa, kwa kuwa rekodi za malipo zilikuwa zimeishikilia. Alifanya ambalo wengi wangefanya: alimsajili msichana upya kwa nambari sahihi. Sasa akawa watu wawili, mmoja mwenye malipo, mwingine mwenye deni.

Ipo njia ya `ON UPDATE CASCADE`, ambayo hubadilisha nambari kila inakorejelewa. Inafanya kazi, na iwapo tayari una jedwali kubwa la namna hii, itumie. Lakini haizifikii faili zilizotolewa nje ya hifadhidata, na kila kosa la kidole la karani huwa operesheni ya majedwali matatu badala ya safu moja.

Watu wengine hupendekeza UPI, ule utambulisho wa kipekee ambao mwanafunzi amekuwa akiupata kupitia NEMIS, mfumo wa wizara ya elimu wa data za wanafunzi. Ni kitu kizuri cha kuhifadhi, ila kusajiliwa humo kumekuwa kukidai cheti cha kuzaliwa, na mtoto anaweza kuripoti darasani Januari huku cheti bado kinafuatiliwa. Ufunguo msingi haukubali kusubiri. Rekodi bila ufunguo haiingii.

Kwa hiyo tuliunda jedwali hivi:

```sql
CREATE TABLE wanafunzi (
  id INT UNSIGNED AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  nambari_usajili VARCHAR(12) NOT NULL UNIQUE,
  upi VARCHAR(10) UNIQUE,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL,
  tarehe_kuzaliwa DATE,
  simu_mlezi VARCHAR(16)
);
```

Safu ya `id` haina maana yoyote nje ya hifadhidata, na huko ndiko kufaa kwake. Haichapishwi kwenye stakabadhi, mzazi haijui, kwa hiyo hakuna siku mtu atakuja kuomba irekebishwe. Malipo na alama hurejelea `id`. Nambari ya usajili ikikosewa, unabadilisha safu moja katika rekodi moja, na stakabadhi zote tano zinabaki kwa mwenyewe.

Dhana: Ukishaweka id, nakala haziwezi kutokea

Hii ni hatari kuliko zote, maana humpata mtu aliyekwisha kusikia ushauri wa hapo juu na kuuchukua nusu. Ukiweka `id` peke yake na kusahau `UNIQUE` kwenye nambari ya usajili, unaweza kumwingiza mwanafunzi yuleyule mara kumi. Kila mara atapewa `id` mpya, na hifadhidata itaona watu kumi tofauti. Ufunguo wa kutungwa kama `id` humlinda karani dhidi ya mabadiliko tu. Anayezuia nakala ni lile sharti la `UNIQUE`. Vyote viwili vinahitajika.

Kuhusu safu ya `upi`, utaona haina `NOT NULL`, yaani inaruhusiwa kukosa thamani. Katika MySQL na PostgreSQL pia, safu yenye `UNIQUE` inaruhusu `NULL` nyingi, kwa hiyo wanafunzi ishirini wasio na UPI watakaa bila ugomvi. Mtego uko kwenye fomu. Karani akiacha kisanduku wazi, programu nyingi hutuma maandishi matupu, yaani `''`, na hayo si `NULL`. Mwanafunzi wa kwanza asiye na UPI ataingia. Wa pili atakataliwa kwa ujumbe huu:

```
Duplicate entry '' for key 'wanafunzi.upi'
```

Ukiuona, usiondoe `UNIQUE`. Rekebisha amri ya kuingiza, uandike `NULLIF(?, '')` mahali pa thamani ya UPI, ili utupu ugeuke kuwa `NULL` kabla haujafika kwenye jedwali.

Dhana: Umri ni safu ya kawaida tu

Umri ulioandikwa leo utakuwa uongo kabla mwaka haujaisha. Hifadhi tarehe ya kuzaliwa kwa aina ya `DATE`, kisha umri uupate kwa `TIMESTAMPDIFF(YEAR, tarehe_kuzaliwa, CURDATE())` kila unapouhitaji.

Dhana: id zikiruka, kuna rekodi zimepotea

Wiki mbili baadaye karani alinipigia simu, sauti imejaa wasiwasi. "Mwalimu, kuna 212, halafu 214. 213 ameenda wapi? Kuna mtu amefuta?"

"Hajafutwa mtu, Mama," nikamwambia. "Kumbuka, kati ya hao wawili, hakuna uliyejaribu kumsajili ukakataliwa?"

Alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka. Alikuwa amemwandikia mwanafunzi mpya nambari ya usajili ambayo tayari ina mwenyewe, mfumo ukakataa, akaisahihisha na kujaribu tena. MySQL hutoa nambari ya `AUTO_INCREMENT` kabla ya kujua kama rekodi itakubaliwa, na ikishaitoa hairudishi. Lile jaribio la kwanza liliondoka na 213, na la pili likapata 214. Nilimwomba ahesabu wanafunzi kwa `SELECT COUNT(*) FROM wanafunzi;` badala ya kusoma `id` ya mwisho, alinganishe na daftari. Hesabu zikaoana.